Kumbukumbu ya mradi wangu: karata za vipeuo

Mradi ni huu: natengeneza pakiti ya karata ambazo badala ya shupaza na kopa zina vipeuo na vipeo. Mchezaji hupewa karata nne, azipange juu ya mkeka kuanzia ndogo hadi kubwa. Kikokotoo marufuku, na nukta ya desimali pia marufuku. Mwenzako akikupinga, unachukua chaki na kuandika ushahidi kwenye sakafu ya baraza, na ushahidi unaokubaliwa ni namba kamili mbili tu zilizowekwa ubavu kwa ubavu. Wanaonijaribia ni mpwa wangu, anayesoma kidato cha tatu hapa Wete, na wenzake wa skuli wanaopita jioni.

Karata zenyewe nimezikata kwenye maboksi ya tambi, nikaandika kwa maka peni. Kona ya juu kulia nimeikata kidogo ili mtu asiishike juu chini, maana alama ya kipeuo ikipinduliwa inafanana na takataka yoyote. Upande wa ufundi umekwisha hapo. Kazi iliyonila muda ni kuchagua namba.

Mkono wa kwanza: √2, ∛3, ⁵√5, ⁶√6

Huu ndio mkono ninaoupenda kuliko yote, na sababu yake ni kwamba macho hayasaidii. Wanafunzi huja na hisia mbili. Ya kwanza inasema namba iliyo chini ya alama ikiwa kubwa, jawabu nalo ni kubwa, kwa hiyo ⁶√6 ndiyo mshindi. Ya pili inasema kinamba cha pembeni kikiwa kikubwa, jawabu linapungua, kwa hiyo √2 ndiyo mshindi. Hisia zote mbili zina ukweli zikisimama peke yake. Hapa namba ya ndani na kinamba cha pembeni vinapanda pamoja, kila kimoja kinavuta upande wake, na mshindi ni karata ambayo hakuna aliyeitaja.

Ushahidi unapatikana hivi. Namba mbili chanya ukizipandisha kwa kipeo kilekile, iliyokuwa kubwa inabaki kubwa. Basi tunatafuta kipeo kitakachoziondolea zote mbili alama ya kipeuo, na hicho ni KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika, ya vinamba vya pembeni. Kwa √2 na ∛3, KDS ya 2 na 3 ni 6. Kipeo cha 6 kinaifanya √2 kuwa 2³, yaani 8, na ∛3 kuwa 3², yaani 9. Nane kwa tisa, ∛3 imeshinda. Zimekaribiana sana, na ndiyo maana jicho halioni kitu.

Kwa karata zote nne KDS ni 30, na hapo mtu akitaka kumaliza kwa mpigo mmoja atapata 2¹⁵, 3¹⁰, 5⁶ na 6⁵, yaani 32768, 59049, 15625 na 7776. Jawabu ni sahihi, lakini nimeona kwenye sakafu jinsi 3¹⁰ inavyowatoa jasho, na mtu akiteleza katika kuzidisha mara moja tu, mpangilio wote unavurugika bila yeye kujua. Ninawashauri waende wawili wawili. √2 na ⁵√5 zinahitaji kipeo cha 10 tu: 2⁵ ni 32, 5² ni 25, kwa hiyo √2 iko juu. Zinabaki ⁵√5 na ⁶√6, na hapo ndipo 30 haikwepeki. 5⁶ ni 125 mara 125, yaani 15625, na 6⁵ ni 7776. Mpangilio kutoka ndogo ni ⁶√6, ⁵√5, √2, ∛3.

Kwa nini 3 ndiye bingwa

Mpwa wangu aliuliza swali zuri: "Anko, nikitengeneza karata yangu ya ⁷√7, au ya 100, haiwezi kuipita hiyo ∛3?" Nikamwambia aandike jirani kwa jirani: namba n na inayoifuata. Kipeuo cha n cha n dhidi ya kipeuo cha n+1 cha n+1. Ukivipandisha vyote kwa n(n+1), unalinganisha nⁿ⁺¹ na (n+1)ⁿ. Gawanya pande zote kwa nⁿ. Upande mmoja inabaki n peke yake, upande wa pili inabaki (1 + 1/n)ⁿ.

Sasa tazama huo upande wa pili. n ikiwa 1 ni 2, n ikiwa 2 ni 2 na robo, n ikiwa 3 ni 64/27, ambayo haijafika 2 na nusu. Inapanda, lakini inapanda kwa kuchoka. Haivuki kamwe namba ambayo wanahesabu wanaiita e, inayoanza 2.718. (Hiyo nukta ni yangu mimi mwandishi, si ya mchezaji.) Basi n ikiwa 3 au zaidi, upande wa kwanza una 3 au zaidi na wa pili haufiki 3, kwa hiyo karata ya n inaishinda ya n+1. Kuanzia 3 ni mteremko mtupu. ⁹⁹√99 ni kubwa kuliko ¹⁰⁰√100, na hukuzidisha chochote. Pahala pekee ambapo jirani wa juu anashinda ukiacha hatua ya 1 kwenda 2 ni 2 kwenda 3, kwa sababu 2 ni ndogo kuliko 2 na robo.

Karata ya ⁴√4 nimeitia makusudi. Kipeuo cha nne cha 4 ni √2 yenyewe, kwa vile 4 ni 2². Wakikutana mkononi, mpangilio ni sare na karata zinalazwa moja juu ya nyingine. Asiyejua hulumbana robo saa.

Nimetengeneza pia karata chache za sehemu, kwa wino mwekundu: √(1/2) na ∛(1/3). Kipeo cha 6 kinatoa 1/8 na 1/9, na sasa √ ndiyo kubwa. Mpangilio umegeuka, kwa kuwa kila nyekundu ni 1 gawa kwa nyeusi yake. Karata hasi sitaki kuziona kabisa, kwani −3 ni ndogo kuliko 2 lakini mraba wake ni 9 na wa 2 ni 4, na kanuni nzima ya kupandisha inaanguka.

Mkono wa vipeo vikubwa

2¹⁰⁰, 3⁷⁵, 5⁵⁰. Huu unatisha lakini ni mwepesi. Badala ya kupandisha, tunateremsha: KKS, yaani kigawo kikubwa cha shirika, ya 100, 75 na 50 ni 25, kwa hiyo hizi ni (2⁴)²⁵, (3³)²⁵ na (5²)²⁵. Linganisha 16, 27 na 25. Imekwisha.

Kigumu ni pale ambapo KKS ni 1. Karata zangu ni 31¹¹ na 17¹⁴. Kumi na moja na kumi na nne hazishirikiani chochote. Mwenzangu anayefundisha hesabu, Maalim wa skuli ya jirani, alikaa akizitazama kisha akasema, "Hizi zote mbili zimekaa karibu na vipeo vya 2, tafuta cha kusimama katikati." Ni kweli. 31 iko chini kidogo ya 32, yaani 2⁵. 17 iko juu kidogo ya 16, yaani 2⁴. Basi:

31¹¹ < 32¹¹ = 2⁵⁵ < 2⁵⁶ = 16¹⁴ < 17¹⁴

Alama zote zinaelekea upande mmoja, kwa hiyo mnyororo unashika: 17¹⁴ ni kubwa. Hapa namruhusu mchezaji aandike mnyororo badala ya namba mbili.

Njia hii ina mpaka, na unaujua mara moja kwa kutazama alama. Jaribu 33¹¹ na 15¹⁴. 33 iko juu ya 32, kwa hiyo 33¹¹ imezidi 2⁵⁵. 15 iko chini ya 16, kwa hiyo 15¹⁴ haifiki 2⁵⁶. Moja imezidi kidogo, nyingine imepungukiwa na kikubwa, na huwezi kusema lolote. Ili uamue itabidi uonyeshe kwamba 15¹⁴ haifiki hata 2⁵⁵, yaani kwamba 16/15 ikizidishwa yenyewe mara 14 inavuka 2. Inavuka kweli, hivyo 33¹¹ ndiyo kubwa, lakini kuionyesha kwa chaki kunachosha kuliko raha ya mchezo. Karata hiyo nimeiweka pembeni.

Jumla za vipeuo, bado kwa penseli

Seti inayofuata ni ya jumla. Nyepesi kwanza: √3 + √10 dhidi ya √2 + √11. Piga mraba pande zote. Ya kwanza ni 13 + 2√30, ya pili ni 13 + 2√22. Kumi na tatu zinafutana, na 30 imezidi 22. Nimezichagua ili 3 na 10 zifanye 13 kama 2 na 11, la sivyo hazifutani na mraba mmoja hautoshi.

Ngumu ni √2 + √3 dhidi ya 22/7. Mraba wa kwanza: 5 + 2√6 na 484/49. Toa 5 kila upande: 2√6 na 239/49. Kabla ya kupiga mraba tena ni lazima uhakikishe pande zote ni chanya, na hapa ni chanya. Mraba wa pili: 24 na 57121/2401. Zidisha 24 kwa 2401 upate 57624, ambayo imeizidi 57121. Kwa hiyo √2 + √3 ni kubwa kuliko 22/7, na kwa kuwa 22/7 yenyewe imeizidi pai, jumla hiyo imeizidi pai pia.

Kinachonisumbua ni kwamba 239 mara 239 ni kazi ya dakika nzima na nusu ya wachezaji wanaikosea. Nafikiria kuiandika 57121 nyuma ya karata, ili ubishi uwe juu ya hatua na si juu ya kuzidisha. Mpwa wangu anasema huko ni kuwadekeza watu.