Barua ya pili ndiyo iliyokubaliwa

Wenzangu mnaofanya kazi huku mkisoma, barua yangu ya kwanza iliomba "wiki sita za kuandika tasnifu", basi. Bosi wangu hapa Tabora akaikataa, na iliniuma kweli. Ya pili niligawa siku: 28 za likizo ya mwaka, ambazo ni haki yangu kisheria, na 14 bila malipo. Nikaambatanisha barua ya msimamizi wangu wa chuo yenye tarehe ya kuwasilisha, nikamtaja na mwenzangu atakayeshika hesabu za ghala. Wiki ya mwisho nimeiacha nzima kwa masahihisho na kujalidi. Jana bosi kaniita: "Nenda mwanangu, ukamalize." Sura ya nne naianza kesho alfajiri.