Kumbukumbu ya mradi: spodumini au felspa? Mizani ya jikoni imetoa jibu

Hatimaye kipimo kimekubali. Jiwe likipimwa asubuhi na likapimwa tena jioni, jibu ni lilelile, na spodumini inajitenga na felspa bila kusubiri majibu ya maabara. Hapa ndipo mradi mzima ulipokuwa umekwama.

Kwa aliyewahi kupasua mkanda wa pegmataiti, ule mwamba wa chembe kubwa kubwa, tatizo linajulikana. Spodumini ndiyo madini ya lithiamu yanayotafutwa zaidi kwenye mwamba mgumu. Ikiwa safi kabisa ina takriban asilimia 8 ya Li2O, yaani oksidi ya lithiamu. Lakini haina rangi ya kujitangaza. Nyingi ni nyeupe, kijivu au kijani hafifu, na inakaa katikati ya felspa nyeupe na kwatzi nyeupe. Vitabu vinasema tazama umbo: vipande virefu kama mbao, vyenye mistari midogo inayofuata urefu, vinavyopasuka kwa vibanzi. Ni kweli jiwe likiwa zima na mkanda ukiwa wazi. Kwenye rundo la kokoto zilizovunjwa kwa nyundo, umbo limeshapotea.

Watu wengi hukimbilia bunduki ya XRF, kifaa cha mkononi kinachosoma elementi kwa eksirei, na hapa lazima niseme wazi, maana inauma kuona wachimbaji wadogo wakikodisha kifaa hicho kwa ahadi ya kusomewa lithiamu. Bunduki ya XRF haioni lithiamu. Si suala la modeli wala la betri. Lithiamu ni nyepesi mno, na mionzi yake ya eksirei ni dhaifu kiasi kwamba inafia njiani kabla ya kufika kwenye kipokezi. Ipo bunduki ya leza, LIBS, inayoiona, lakini bei yake si ya mtu wa kawaida, na inahitaji mawe ya kulinganishia ambayo tayari yamepimwa maabara.

Kinachobaki ni uzito. Felspa ya potasiamu ni takriban mara 2.56 ya uzito wa maji, albaiti 2.62, kwatzi 2.65. Spodumini ni kati ya 3.1 na 3.2. Pengo hilo ni kubwa, mizani ya kawaida inatosha kulikamata, mradi upimaji wenyewe uwe sahihi.

Njia iliyokubali ni hii. Pima jiwe likiwa kavu. Weka jagi la maji juu ya mizani, bonyeza TARE isome sifuri. Funga jiwe kwa mshipi mwembamba wa nailoni, ule wanaouza kwa wavuvi kule mwaloni Kirumba, kisha ulining'inize ndani ya maji hadi lizame lote bila kugusa chini wala pembeni. Namba itakayoonekana ni uzito wa maji ambayo jiwe limeyasukuma. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo, basi. Jiwe jeupe la kijivu lililokuwa na ubishi mrefu lina gramu 412 likiwa kavu, na ndani ya maji mizani ilisoma 130. Jibu ni 3.17. Lingekuwa felspa, mizani ingesoma kama 161.

Mambo yanayoharibu jibu karibu yote yanasukuma upande mmoja: yanaifanya spodumini ifanane na felspa. Jiwe likigusa chini ya jagi, mizani inabeba sehemu ya uzito wa jiwe lenyewe, namba inapanda, jibu linashuka. Viputo vya hewa vilivyong'ang'ania kwenye nyufa vinafanya hivyohivyo. Lazima jiwe lisuguliwe kwa brashi likiwa majini. Kamba nene ya katani nayo inasukuma maji yake. Kipande kidogo hakifai kabisa kwenye mizani ya gramu moja moja: jiwe la gramu 20 litasoma 6 au 7, yaani 3.3 au 2.9, na hapo huna jibu. Ama tafuta jiwe la gramu 300 kwenda juu, ama tumia mizani ya sonara yenye desimali, ambayo huku Kanda ya Ziwa haipatikani kwa shida kwa sababu ya biashara ya dhahabu.

Jiwe lililochanganyika linahitaji akili. Nusu spodumini na nusu kwatzi litatoa 2.9 hivi, kwa hiyo 2.9 si sababu ya kulitupa. Livunje upime vipande vyeupe peke yake. Na uzito pekee hauhukumu. Apataiti ya kijani ina 3.2 nayo, lakini tupa ya chuma inaikwaruza kwa urahisi, wakati spodumini inaigomea. Ambligonaiti iko karibu na 3.0 na ni laini kidogo kuliko spodumini, ila hiyo ni lithiamu vilevile, kwa hiyo usiiache. Petalaiti, nayo ni madini ya lithiamu, ndiyo inayopita bila kuonekana: ni 2.4, nyepesi kuliko felspa. Nimeanza kuyatenga pia mawe meupe yanayopungua 2.5.

Mpango ulikuwa kuendelea na kipimo cha moto, kutafuta mwali mwekundu wa lithiamu. Nimeusimamisha. Sodiamu iliyomo kwenye albaiti inafunika kila kitu kwa manjano, na spodumini haitoi rangi yake vizuri bila kuchanganywa na kemikali ya kuiyeyusha. Zaidi ya hapo, limekuja wazo bora: kuipa ile bunduki ya XRF kazi inayoiweza.

Felspa ya potasiamu inatunza kumbukumbu ya myeyuko ulioizaa. Kadiri myeyuko unavyosafiri mbali na granaiti mama na kupoa, rubidiamu na sesiamu zinajilimbikiza humo pamoja na lithiamu. Rubidiamu bunduki inaiona vizuri sana. Basi soma potasiamu na rubidiamu kwenye uso mpya wa felspa, uliopasuliwa papo hapo, usio na ulanga, kisha gawanya potasiamu kwa rubidiamu. Felspa yenye potasiamu asilimia 10.4 ni gramu 104,000 kwa tani. Ikiwa na rubidiamu gramu 400, uwiano ni 260, na huo ni mkanda wa kawaida usio na cha kufuatilia. Rubidiamu ikifika gramu 3,800, uwiano unashuka hadi 27. Chini ya 30, na rubidiamu ikizidi gramu 3,000, mkanda huo unastahili mtaro.

Uzuri wake ni kwamba namba inaonyesha mwelekeo. Ukitembea kutoka kwenye granaiti kwenda nje na uwiano ukazidi kushuka mkanda hadi mkanda, unaenda unakotakiwa kwenda. Ndiyo maana macho yanahamia magharibi ya ziwa. Granaiti ya Mwanza ina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Granaiti zinazohusishwa na bati la Kyerwa, Kagera, zina takriban bilioni 1, na ukanda huohuo ukivuka kuingia Rwanda, pegmataiti za Gatumba zimetoa bati na koltani, na zina spodumini na ambligonaiti.

Tahadhari ni mwamba uliooza. Kwenye udongo mwekundu, spodumini hugeuka udongo mweupe laini na lithiamu yake huoshwa na mvua, hivyo sampuli ya juu inaweza kusoma kidogo wakati chini kuna jiwe zima. Tafuta udongo mweupe uliobaki na umbo la mbao ndefu, na chimba hadi jiwe gumu kabla ya kuukataa mkanda.

Sampuli zitakazopita vipimo vyote viwili ndizo zitakazokwenda maabara. Kwenye fomu iandikwe kuyeyusha kwa peroksaidi ya sodiamu, halafu kusoma kwa ICP, na orodha iwe na Li, Rb, Cs, Sn, Ta na Be. Kipimo cha dhahabu cha moto hakitatoa lithiamu hata kidogo. Majibu yakija kama Li, zidisha kwa 2.153 kupata Li2O.