Kikasha kilichojaa barua nilizokwisha kuzifuta

Kompyuta mpakato ninayoitumia hapa Nkuhungu, Dodoma, ina RAM ya gigabaiti 2 tu, na kwa wiki kadhaa kila nilipofungua Thunderbird, programu yangu ya barua pepe, kishale kiliganda hadi nikamaliza chai. Nilidhani mashine imechoka, kumbe uzembe ulikuwa wangu.

Nilipotazama folda ya data zangu, faili liitwalo Inbox lilikuwa na gigabaiti 3.6, ilhali nilikuwa nimefuta barua nyingi za tangu 2017. Kwa kawaida programu hii huhifadhi kila folda ya barua katika faili moja refu, na barua unayoifuta huwekewa alama tu, ikaendelea kukaa humo hadi faili lenyewe libanwe.

Nikamwaga kwanza Trash, kisha nikabofya Inbox kwa kitufe cha kulia na kuchagua Compact. Kazi hii huandika nakala mpya ya barua zilizobaki kabla ya kuondoa faili la zamani, hivyo huhitaji nafasi ya kutosha kwenye diski. Mara ya kwanza ilinigomea kwa sababu diski ilikuwa imejaa video za harusi ya binamu yangu. Baada ya kuzihamisha, faili likashuka hadi megabaiti 870.

Nilizima pia Enable Global Search and Indexer, iliyokuwa ikisoma barua zote chinichini. Nimepoteza utafutaji wa haraka wa folda zote kwa pamoja, ila kichujio cha folda moja bado kinafanya kazi.