Nilivyochagua rangi za chati duara ya mradi wa Jiografia

Nilipokuwa kidato cha pili tulipewa mradi wa kuchunguza namna wanafunzi wanavyofika shuleni. Niliwahoji wanafunzi 120: 52 walikuja kwa miguu, 34 kwa daladala, 18 kwa bodaboda, 11 kwa baiskeli na 5 kwa gari la wazazi. Hesabu ya pembe ilikuwa rahisi, kwa kuwa kila mwanafunzi alipata nyuzi 3, hivyo wa miguu walichukua nyuzi 156 na wa gari nyuzi 15 tu. Kazi ilikuwa kwenye rangi.

Chati ya kwanza niliipaka kahawia, nyekundu, kijani, zambarau na bluu, zote zikiwa zimekolea, kwa sababu nilidhani rangi kali ndizo zinazoonekana. Nikiwa mezani ilipendeza. Ilipobandikwa ukutani, mwenzangu mmoja aliyekaa nyuma aliniuliza, "Wa daladala na wa bodaboda mbona umewaunganisha?" Kumbe kwake nyekundu na kijani vilifanana, hali inayowapata wavulana zaidi kuliko wasichana. Mwalimu alinishauri niipige fotokopi nyeusi na nyeupe. Nakala ilipotoka, vipande vyote vitano vilikuwa kijivu kimoja.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba rangi mbili zinaweza kuwa na majina tofauti na bado zikalingana kwa uzito wa weusi wake. Kabla ya kugusa manila nyingine, nilichora visanduku vidogo kwa kila penseli niliyokuwa nayo, nikavipiga fotokopi, nikavipanga kuanzia cheupe hadi cheusi. Njano ilikuwa nyepesi kuliko zote, ikifuatwa na samawati, kisha rangi ya chungwa, na mwishoni bluu iliyokolea na kahawia.

Kipande kikubwa cha wa miguu nilikipa njano, maana rangi nzito kwenye eneo pana humeza vipande vidogo, na tena kuipaka sawasawa kwa penseli bila michirizi ni taabu. Daladala ikapata bluu iliyokolea, bodaboda chungwa, baiskeli kahawia, na gari samawati, ili kila nyepesi ipakane na nzito. Nilichosahau ni kwamba duara halina mwisho: samawati ya gari iligusa njano ya miguu, na kwenye fotokopi zilikaribiana mno. Sikuwa na penseli nyingine ya kufaa, kwa hiyo nilichora mistari ya mshazari kwa kalamu nyeusi juu ya samawati, kisha nikazungushia kila kipande mstari mweusi.

Ufunguo wa pembeni niliuacha kabisa. Majina niliyaandika ndani ya vipande, kwa wino mweusi juu ya njano na chungwa. Kwenye bluu, ambako wino haukusomeka, na kwenye vipande vyembamba, niliyaandika nje na kuvuta mstari mfupi. Yule mwenzangu alisoma chati yote kutoka dawati lake la nyuma, akauliza tu kwa nini wa baiskeli ni wachache hivyo.