Siku moja maishani mwangu: kumuuzia mwenye duka kwa jumla

Saa 1 asubuhi
Sipigi simu yoyote kabla sijaingia stoo. Nahesabu katoni kwa macho yangu, kwa sababu kompyuta ikisema zipo 60 huenda 8 kati yake zimeloa chini. Kutangaza bei ya mzigo ambao haupo ndiyo njia ya haraka ya kupoteza mteja. Leo nauza sabuni ya kufulia ya kipande, katoni moja vipande 24. Namba nitakazotaja nimezifanya za mviringo ili hesabu ifuatike, wewe weka sarafu yako.

Saa 2 asubuhi
Naandika maneno ya ofa. Huwa nayaandika hata kama nimeshayazoea, kwani nikiachia mdomo ujisemee, bei ya katoni 10 inatangulia na masharti yanasahaulika. Ya leo ni haya:

"Habari za asubuhi. Nina sabuni ya kufulia, katoni vipande 24. Ukichukua katoni 1 hadi 4, kipande kinakufikia kwa 80. Ukichukua 5 hadi 9, ni 76. Kuanzia 10 ni 73. Ukiuza 100 kwenye mzigo wa katoni 5, kila kipande kinakuachia 24, katoni nzima 576. Kuanzia katoni 5 tunakuletea mpaka dukani bila nauli. Bei ni ya taslimu na inasimama mpaka Jumamosi. Kwa siku unauza vipande vingapi?"

Angalia kwamba hakuna asilimia hata moja. Ile 24 ni asilimia 24 ya bei ya kuuzia, lakini ukiigawa kwa bei ya kununulia, 76, inakuwa karibu asilimia 32. Wauzaji wengi wa jumla hutaja 32 kwa kuwa inavutia, na si uongo. Tatizo linakuja jioni. Mwenye duka akimaliza katoni 5 atakuwa ameuza vipande 120, yaani 12,000. Anapiga asilimia 32 ya mauzo hayo, anategemea faida ya 3,840. Ya kweli ni 2,880. Zile 960 hazijaibwa, hazikuwahi kuwepo, ila yeye anaanza kumshuku kijana anayemsaidia kaunta. Ndiyo maana nasema "kipande kinakuachia 24". Hiyo hata asiye na kikokotoo anaiona kwenye droo.

Na swali la mwisho siliondoi kamwe. Bila jibu lake sijui nimuuzie kwa daraja lipi la bei.

Saa 4 asubuhi
Simu. Wengi wanajibu "nitumie bei", nawatumia maandishi yaleyale. Mmoja anauliza kama naweza kumpa katoni 1 kwa bei ya 5. Namwambia siwezi, na namweleza kwa nini hasara yake ni kubwa kuliko anavyoidhani. Katoni moja anaifuata mwenyewe. Nauli yake ya kwenda na kurudi ni 300, ukiigawa kwa vipande 24 ni 12.5 kila kimoja. Kwenye karatasi anapata 20 kwa kipande, mkononi anabaki na 7.5. Ananyamaza kidogo, kisha anasema atazungumza na jirani yake wachukue katoni 5 pamoja. Sina pingamizi, mradi risiti iwe moja na mzigo ushuke mahali pamoja.

Saa 6 mchana
Hapa ndipo siku yangu ilipo hasa. Nimefika kwa mama mmoja mwenye duka dogo, ameshasoma ujumbe wangu na ameshaamua.

"Niandikie kumi. Sabini na tatu siiachi."

"Mama, kwa siku zinatoka ngapi?"

Anafungua daftari. Sita, na watu wakishapokea mishahara zinapanda kidogo. Nachukua sita. Katoni 10 ni vipande 240, maana yake zitakaa dukani siku 40. Katoni 5 zinaisha kwa siku 20.

Nalichukua daftari lake nikaandika ukurasa wa nyuma. Katoni 10 kwa mkupuo ni 17,520. Katoni 5 leo na nyingine 5 baada ya siku 20, jumla 18,240. Kwa hiyo kuchukua kumi kunamwokolea 720. Ni pesa, sikatai. Lakini leo hii tofauti ya malipo ni 8,400, kwani katoni 5 ni 9,120 tu. Nikamuuliza hiyo 8,400 ikibaki mkononi angeifanyia nini. Akaonyesha kidole vitu vidogo vidogo vya kaunta, vile vinavyoisha ndani ya siku 10 na kumwachia kama 10 kwa kila 100 aliyoweka. Basi 8,400 inamzalia 840 kwa mzunguko, na ndani ya siku 20 inazunguka mara mbili: 1,680. Anaziacha 1,680 ili aokoe 720.

"Kwa hiyo wewe hutaki kuniuzia?"

"Nataka kukuuzia tena baada ya siku ishirini."

Akacheka, akaandikisha tano. Sikufanya hivyo kwa upole. Mzigo ukidoda kwake, simu yangu haipokelewi, na akibanwa atauza kwa hasara awahi kodi. Daraja la 10 ni la duka linalotoa vipande 20 kwa siku: 240 zinaisha kwa siku 12, mtaji haujapata hata muda wa kulala.

Saa 9 alasiri
Ofisini bosi anataka tubadilishe ofa iwe "nunua 10 upate 1 bure", na tuandike punguzo la asilimia 10. Nikamwambia ni asilimia 9 na kidogo, kwa sababu mteja anapokea katoni 11 kwa bei ya 10, na moja ya kumi na moja si moja ya kumi. Akaona nasumbua. Hoja yangu kubwa ilikuwa nyingine: ile ya bure ndiyo inayouzwa mwisho. Mpaka afike huko, mwenye duka anayetaka pesa ya haraka ataanza kuuza 95, na jirani yake atamfuata. Aliyenunua kwa 76 anashuka kutoka faida ya 24 hadi 19. Ili apate ileile 2,880 inabidi auze vipande 152 badala ya 120. Punguzo letu litakuwa limeliwa na mtaa mzima bila yeyote kunenepa.

Tulikubaliana ibaki ilivyo, ila kwa maduka makubwa tu bosi atajaribu yake. Sawa, ndiye mwenye mali.

Saa 11 jioni
Naingiza oda. Mteja mmoja anaomba mali kauli, alipe akishauza. Nampa, lakini kwa 80, si 76, na nasema wazi kwamba hizo 4 ni gharama ya kusubiri pesa. Kwake faida inakuwa 20 kwa kipande, na hilo nalo nimeliandika kwenye ujumbe ili asije akasema hakuambiwa.

Kisha nabadili sentensi moja kwenye maandishi ya kesho. Badala ya "Kuanzia 10 ni 73", naweka "Kama unauza vipande 20 au zaidi kwa siku, niulize bei ya katoni 10."