Kidole kimoja, neva mbili

Nimetoka hospitali sasa hivi kupima neva za mkono wa kulia.

Miezi minne naamka saa nane usiku, dole gumba, cha shahada na cha kati vimekufa ganzi, naukung'uta mkono mpaka damu irudi. Ndivyo nilivyodhani, kwamba ni damu. Mchana mkasi unaniponyoka nikikata kitambaa.

Mtaalamu aliupasha mkono joto kwanza, maana mkono wa baridi huchelewesha neva na kudanganya kipimo. Kisha vishtuko vidogo vya umeme, kama kupigwa na mpira wa manati.

Kilichonigusa ni kidole cha pete. Kinahudumiwa na neva mbili: upande wa gumba ni mediani, upande wa kidole kidogo ni alna. Alipima zote mbili kwa umbali uleule, sentimita 14. Alna ilifika kwa milisekunde 2.9. Mediani 4.0! Tofauti ikizidi takriban 0.5, mediani imebanwa kwenye kifundo cha mkono. Kutoka kifundo kwenda kiwikoni mediani ilikwenda kasi ya kawaida.

Ndiyo maana kidole kidogo, kinachohudumiwa na alna, hakijawahi kufa ganzi.

Mawimbi ya kipimo bado yanapanda juu vizuri, yaani nyuzi za neva zenyewe hazijafa, ila ala inayozifunika imeumia. Leo nalala na banzi, kifundo kimenyooka.

Mafundi cherehani wenzangu, nani anaamshwa na ganzi usiku? Kidole kidogo nacho kinashikwa, au kinapona?