Kafu, te, be

Jamani leo nimempeleka mpwa wangu madrasa hapa Lamu mjini, nikakaa kibarazani kumngoja, na somo likaninasa mimi.

Ustadh kaandika ubaoni herufi tatu tu, kafu, te, be. Akasema hizi ndizo mzizi, zinabeba maana ya kuandika, vokali zinaingia katikati na kubadilisha kazi.

Ukivuta sauti ya kwanza, kaatib, unapata anayetenda, yaani mwandishi, ndo katibu wetu. Kitaab ni kile kilichoandikwa. Ukitanguliza ma, maktaba, ni mahali pa vitabu. Na ma hiyo hiyo ndo iliyoko kwenye madrasa, mahali pa darasa, mzizi dali, re, sini!! Miaka yote naingia humo sijawahi kuziona.

Sasa sisi Waswahili tumeichukua ile ki ya kitabu tukaidhani ni yetu kama ya kiti, tukasema vitabu. Waarabu wao husema kutub, lakini herufi tatu bado zimekaa palepale.

Katoto kamoja kakauliza, na khatibu wa Ijumaa je? Ustadh akacheka, akaandika kha na ile te nzito, akasema huyo ni wa mzizi mwingine kabisa, ndugu yake ni hutuba. Kwa herufi zetu za Kizungu tofauti inapotea karibu yote, usipoangalia maandishi ya Kiarabu utawachanganya.

Mimi njiani nimeokota hukumu, hakimu, mahakama. Nyinyi mna zipi? Wekeni hapo chini.